Kundi rejea, kiongozi wa maoni na mito yangu 60

Swali: "Wakuu, wiki ijayo nina semina ya tabia za wateja. Naomba mnieleweshe kwa mifano ya kila siku: makundi rejea ni nini na yako ya aina ngapi, kiongozi wa maoni ni nani, na maneno ya mdomo kwa mdomo yana tofauti gani na yale ya mtandaoni. Halafu kikundi chetu kina mradi wa kuuza soli laini za kuweka ndani ya viatu. Tumeamua sampuli zote 30 tumpe mwakilishi wa wanafunzi kwa sababu anajulikana na kila mtu. Kwenye ripoti tumemuita kiongozi wa maoni. Tuko sahihi?"

Hamko sahihi, na kama sampuli bado ziko mikononi mwenu msizitoe kabisa. Mdogo wangu, hilo kosa nimelifanya mwenyewe, kwa hela yangu, wala sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, angalau ndivyo nilivyokuwa nikijidhania.

Niliingiza mito 60 ya kulalia, ile ya sponji nzito iliyokatwa na bonde katikati, kwa ajili ya watu wanaoamka shingo imekaza. Mzigo mzuri. Nikamwendea jamaa mmoja aliyejiita mshauri wa masoko nikamlipa anielekeze pa kuanzia. Akaniuliza swali moja tu: "Hapo kazini kwenu nani anapendwa na watu wote?" Nikamtaja nahodha wa timu yetu ya mpira. Akasema basi huyo ndiye kiongozi wako wa maoni, mjaze mito, mengine yatajiuza. Na mimi nikaandika kwenye daftari kama mtoto wa darasa la kwanza. Mpaka leo nikimkumbuka yule bwana shingo inakaza upya, na hata mto wangu hausaidii.

Nikampa nahodha mito 20, yake na ya wachezaji wenzake. Ikabaki 40 ya kuuza. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimeuza 9, na kati ya hiyo 3 ikarudishwa. Stoo ikawa na mito 34 inanitazama.

Kilichotokea katikati ndicho unachopaswa kukielewa kabla hujasimama mbele ya semina. Sponji mpya ikitoka kwenye nailoni huwa inanuka. Si ubovu, ni mvuke wa kemikali za kuitengenezea uliofungiwa humo tangu kiwandani. Ukiuacha mto mahali penye upepo siku moja au mbili, harufu inapungua yenyewe. Sasa mtu kanunua, kafungua usiku, kaulalia hapo hapo, kakosa usingizi. Asubuhi anamfuata nahodha: "Ule mto mbona unanuka plastiki, ndivyo ulivyo?" Nahodha, kwa uaminifu wake wote, anajibu: "Sijui kwa kweli, mimi nililetewa tu."

Hilo jibu liliniua mara mbili. Kwanza, hakujua. Kiongozi wa maoni, yaani yule ambaye watu humuuliza kabla ya kununua, hapimwi kwa kusema "hiki kizuri", maana hilo hata bango linasema. Anapimwa kwa swali la pili, lile mteja analouliza baada ya kusikia kizuri: kinanuka, je ni kawaida? Kinafaa anayelala kifudifudi? Kinafuliwa? Pili, "nililetewa" ilibadilisha maneno yake yote ya nyuma. Nguvu ya maneno ya mdomo kwa mdomo inatokana na msikilizaji kuamini kwamba msemaji hapati kitu. Akishajua kuna zawadi, anayapima upya kama anavyopima tangazo, tena kwa hasira kidogo, kwa sababu tangazo halijifanyi rafiki.

Usinielewe vibaya, nahodha si mtu wa bure. Angevaa viatu fulani vya mpira uwanjani, nusu ya timu ingevitafuta wiki hiyo hiyo. Na hapa ndipo kundi rejea linapoingia. Ni kundi ambalo mtu analitumia kujipima: afanye nini, aonekane vipi, awe upande gani. Neno lenyewe alilileta Herbert Hyman mwaka 1942, akichunguza watu wanavyojipima hadhi zao kwa kujilinganisha na wengine. Timu ilikuwa kundi rejea la wale vijana, na nahodha ndiye uso wake. Lakini kundi linakusukuma zaidi pale linapokuona. Kiatu cha mpira kinaonekana na watu 21 wengine uwanjani. Mto wangu anauona nani? Mke wa mtu na ukuta.

Hili si wazo langu. Watafiti Bearden na Etzel waliliandika mwaka 1982, ukalitafute, ni zuri kwa semina. Walipanga bidhaa kwa maswali mawili. Je, inatumika hadharani au faraghani? Je, ni ya lazima au ya anasa? Kwa ufupi, kutumika hadharani ndiko kunakolipa kundi nguvu juu ya chapa utakayochagua, na anasa ndiyo inayolipa nguvu juu ya uamuzi wa kuwa na kitu chenyewe au kutokuwa nacho. Cha lazima kinachotumika faraghani, kundi linakigusa kidogo mno pande zote mbili. Na mfano wao mmoja wa kapu hilo unajua ni nini? Godoro. Godoro, ndugu yangu! Mimi nilikuwa nauza binamu yake, na mshauri niliyemlipa hakujua.

Soli zenu za ndani ya viatu ziko kapu hilo hilo. Hakuna atakayemuona mwakilishi amezivaa, labda avue viatu jukwaani.

Kwa bidhaa iliyofichika, ushawishi unaobaki ni wa taarifa: mtu anamuuliza anayeamini anajua. Na anayejua hili si lazima ajue lile. Watafiti Katz na Lazarsfeld walihoji wanawake wapatao 800 katika mji wa Decatur, Illinois, wakatoa matokeo mwaka 1955. Waliangalia mambo manne: ununuzi wa vitu vya nyumbani, mitindo ya mavazi, filamu na mambo ya siasa. Anayefuatwa kwa mavazi mara nyingi hakuwa yule anayefuatwa kwa siasa. Tena hawakuwa wakubwa wa mji. Walipatikana kila tabaka, na kwenye mambo ya nyumbani watu waliuliza zaidi wa hali yao wenyewe. Baadaye, 1970, King na Summers walionyesha kwamba ushawishi unaweza kuvuka kutoka bidhaa moja hadi nyingine, hasa zinazokaribiana. Kwa hiyo wa magodoro anaweza kukufaa kwenye mito. Wa mpira wa miguu kwenye mito, hapana.

Basi mwezi wa tatu nilifanya kile nilichopaswa kuanza nacho, na hakinigharimu chochote zaidi ya aibu. Niliwafuata watu 20 waliokuwa wamenunua mto au godoro lolote, si lazima la kwangu, ndani ya mwaka huo. Sikuwauliza nani maarufu. Sikuwauliza wanamwamini nani, maana hapo mtu anakutajia bosi. Niliuliza hivi: "Siku ile kabla hujanunua, ulimuuliza nani?" Tendo lililofanyika, siku inayokumbukwa, jina. Nikaandika majina.

Watu 8 walimtaja karani mmoja wa ghala, mzee mpole ambaye miaka mingi pale sikuwahi kumsikia akiongea mkutanoni. Watu 4 walitaja mtaalamu wa viungo aliyewahi kuwatibu mgongo. Waliobaki ama hawakuuliza mtu au walitaja ndugu zao, kila mmoja wake. Nahodha alitajwa na watu sifuri.

Kumbe karani ana shida ya shingo tangu zamani. Amebadilisha godoro, mito, kiti cha kazini, na kila kitu alikijaribu kwa hela yake, na kila aliyekaza shingo anaelekezwa kwake. Na wateja wangu walikuwa wameshamuuliza! Alikuwa anawajibu, "Hiyo bado sijaiona." Maneno matatu. Hakunisema vibaya hata kidogo, lakini kwa mnunuzi, mjuzi kusema hajaiona maana yake ni subiri kwanza. Wakasubiri. Mimi nikawa nalaumu rangi ya foronya.

Nikampelekea mto mmoja. Nikataka kumlipa kamisheni kwa kila atakayenunua, akakataa, na namshukuru, kwani angekubali ningekuwa nimetengeneza nahodha wa pili. Wiki mbili baadaye akaja na malalamiko. Mto uko juu sana, anayelala kifudifudi utamvunja shingo. Moyo ukanidondoka. Lakini alichokuwa akiwaambia watu, neno kwa neno, ni hiki: "Ukilala ubavu, chukua, mzuri. Ukilala kifudifudi, usipoteze hela. Na ukiufungua uache hewani siku mbili." Yaani ameondoa wateja ambao wangerudisha, amejibu swali la harufu kabla halijaulizwa, na kwa kuwa ametaja kasoro, aliposema mzuri wakamwamini. Kati ya mito 33 iliyobaki, miezi mitatu ilipopita nilikuwa na 4.

Kwa hiyo soli zenu: tafuteni watu 15 au 20 ambao wamewahi kununua kitu chochote cha kupunguza maumivu ya miguu, au wanaosimama kutwa nzima kazini. Waulizeni swali lile lile, kwa maneno yale yale. Jina likijirudia, mpeni huyo jozi moja na muda wa kutosha azichakaze. Msimpe 30, msimwelekeze cha kusema, na akileta kasoro iandikeni, msibishane naye. Jina lisipojirudia kabisa, nalo ni jibu. Maana yake kwa bidhaa hiyo hapo mlipo hakuna anayeulizwa, na sampuli zenu ni bora mzigawe kwa watumiaji wenyewe. Mbinu hii ina udhaifu wake: inafanya kazi palipo na watu wanaofahamiana, kama darasa, ofisi au timu. Kwa mji mzima utahoji mpaka uzeeke.

Na kwenye ripoti futeni hilo neno "kiongozi wa maoni" mpaka mpate hayo majina.

Nimeona sasa uliuliza pia aina za makundi na mambo ya mtandaoni. Wadau wengine watakusaidia, mimi nikishagusa hii mito huwa nasahau nilipotoka. Nahodha bado anao wake mmoja. Anaukalia benchi akiwa majeruhi.