Tai ya kipepeo kwa tangi la petroli: vizuizi vitatu vinapokuwa kimoja

Anayechora tai ya kipepeo, yaani mchoro wa hatari wenye fundo katikati na mabawa mawili, kwa mara ya kwanza, mara nyingi huandika "mlipuko" pale katikati kwenye fundo. Ukishaandika hivyo, upande wa kulia hubaki na majeruhi na hasara tu, na kila kinga uliyo nayo inabanana kushoto. Katikati panatakiwa tukio la kupoteza udhibiti, wakati bado hakuna aliyeumia. Kwa tangi la petroli, hatari ni petroli yenyewe iliyohifadhiwa humo, na tukio la katikati ni petroli kutoka nje ya tangi. Kushoto unapanga vitisho vinavyoweza kulisababisha, kila kimoja na mstari wake wa vizuizi. Kulia unapanga matokeo, na njiani kuelekea kila tokeo unaweka vizuizi vya kupunguza madhara.

Vitisho vya tangi viko vingi: kutu kwenye sakafu, bomba kupasuka, radi, vali ya kutolea maji kuachwa wazi. Hapa nashika kimoja tu, tangi kujazwa kupita kiasi, kwa sababu ndicho kinachoonyesha vizuri jinsi mchoro mzuri unavyoweza kudanganya. Tena kipo kisa kilichochunguzwa mpaka kwenye skrubu: ghala la mafuta la Buncefield, Uingereza, alfajiri ya Jumapili tarehe 11 Desemba 2005.

Jioni ya kuamkia siku hiyo tangi namba 912 lilianza kupokea petroli kwa bomba. Yapata saa tisa usiku geji ya kina ilikwama. Kwenye skrini usawa ulionekana umetulia, huku petroli ikizidi kupanda. Kabla ya saa kumi na mbili ilianza kumwagika kutoka juu, na saa kumi na mbili na dakika moja wingu la mvuke likalipuka. Hakuna aliyekufa, ila zaidi ya watu 40 waliumia, na moto uliendelea kwa siku kadhaa.

Sasa tuchore mstari wa kitisho hicho jinsi mtu angeuchora ofisini: geji inayoonyesha kina, king'ora cha usawa wa juu, king'ora cha usawa wa juu zaidi, kisha swichi ya dharura ya kufunga mtiririko. Vizuizi vinne, mstari umependeza. Lakini geji na ving'ora vile viwili vilitegemea kipimo kilekile kimoja. Kilipokwama, vyote vitatu vilikufa kwa pamoja bila kutoa mlio wowote. Kwa hiyo usihesabu visanduku kwenye karatasi. Fuata waya. Muulize fundi wa vyombo vya vipimo taarifa ya kila king'ora inatoka wapi, na vinavyokutana kwenye chanzo kimoja uvihesabu kuwa kizuizi kimoja.

Jambo la pili ni kwamba king'ora peke yake hakizuii chochote. Kizuizi kamili kina sehemu tatu: kitu kinachogundua, mtu au mtambo unaoamua, na kitu kinachotenda, kama vali inayofungwa au pampu inayozimwa. Ukiandika "king'ora cha usawa wa juu", andika pia nani anakisikia, anafanya nini, na ana muda gani. Muda huo unapigiwa hesabu. Chukua tangi lenye kipenyo cha mita 25. Eneo lake ni takriban mita za mraba 491. Likipokea mita za ujazo 550 kwa saa, usawa unapanda kama mita 1.1 kwa saa, yaani karibu sentimita 1.9 kila dakika. Kama opereta anahitaji dakika 15 kuthibitisha, kupiga simu kwa anayesukuma mafuta na kufunga vali, kati ya king'ora na ukingo pawe na sentimita 28 angalau.

Kasi ikipanda hadi mita za ujazo 890 kwa saa, dakika zilezile 15 zinadai karibu sentimita 45. Namba hizo sikuziokota hewani: Buncefield kasi ilikuwa karibu 550, ikapanda hadi karibu 890 dakika chache kabla ya mlipuko. Ndiyo maana mimi hupendelea kuandika "kasi ya kupokea kubadilika bila opereta kujua" kama kitu kinachodhoofisha kizuizi, na kukitundika chini ya king'ora chenyewe. Wageni wengi badala yake huandika "kosa la kibinadamu" kama kitisho. Hilo halimwambii mtu lolote. Sema ni kosa gani, na linaua kizuizi kipi.

Tuje kwenye swichi ya dharura. Hii ilikuwa kweli imejitenga na geji, na ndiyo iliyopaswa kufunga mtiririko yenyewe. Ilikuwa na wenzo mdogo wa kuijaribia. Baada ya jaribio, wenzo ule ulitakiwa urudishwe mahali pake na kushikiliwa hapo kwa kufuli. Waliohusika waliichukulia kufuli kama kinga dhidi ya wachezeaji tu, kwa hiyo haikufungwa, na bila kufuli swichi haikuweza kufanya kazi. Kwenye mchoro, jambo kama hilo linakaa chini ya kizuizi: "kufuli haijafungwa baada ya jaribio", na mbele yake kinga yake, yaani mtu wa pili kukagua kwa macho na kusaini. Geji nayo ilikuwa imekwama mara 14 tangu mwisho wa Agosti mwaka huo. Kizuizi chenye historia ya namna hiyo kinapakwa rangi nyekundu kwenye mchoro, na upokeaji wa mafuta hauendelei hadi kitengenezwe au kiwekwe kingine cha muda.

Upande wa kulia watu huuchora kwa haraka, pengine kwa sababu wamechoka. Petroli inayoanguka kutoka ukingo wa tangi hutawanyika kuwa matone, sehemu zake nyepesi zinageuka mvuke, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Upepo ukiwa umetulia, unatambaa chini hadi nje ya ukuta unaozunguka tangi. Basi ukuta huo unasaidia dhidi ya tokeo la mafuta kusambaa ardhini, ila usiuweke kwenye mstari wa mlipuko wa wingu. Huko weka sensa za mvuke zinazofunga mtiririko, na udhibiti wa vyanzo vya cheche. Ukifika kwenye cheche, angalia vizuizi vyako mwenyewe: kati ya sehemu ambazo uchunguzi wa Buncefield ulizitaja kuwa huenda moto ulianzia hapo ni nyumba ya pampu ya maji ya kuzimia moto. Pampu unayoitegemea kulia isiwe ndani ya eneo ambalo wingu linaweza kufika.

Hata kwenye mstari wake halali ukuta unaweza kushindwa. Kule Buncefield ulivuja kwenye maungio ya zege na kwenye matundu yaliyobaki wakati wa ujenzi, na mafuta, maji ya kuzimia moto na povu vikapenya ardhini. Ukipewa kukagua, nenda siku moja baada ya mvua kubwa, vali ya kutolea maji ikiwa imefungwa. Maji ya ndani yakiwa yamepungua kuliko yanavyoweza kukauka kwa siku moja, au upande wa nje ukiwa na unyevu kwenye maungio, kizuizi hicho kwenye mchoro wako bado hakipo.