Ramani ya Treni za London: Picha Iliyo Simuni Haijui Ulipopita

SWALI: Shikamoo mama. Nakaa karibu na Walthamstow Central, kazi yangu iko Clapham Junction. Picha ya ramani niliyotumiwa simuni inaonyesha naweza kushuka Highbury & Islington na kupanda ile laini ya rangi ya chungwa, nisiingie katikati ya mji. Ndivyo ninavyofanya, siku nyingine treni huniacha Willesden Junction nikapanda nyingine. Mbona bado nakatwa nauli ya zoni ya 1, ile ya katikati ya mji? Mwenzangu ananiambia chungwa ni chungwa, nipande yoyote, na nitoke nje Highbury nigonge kadi upya ili safari ikatike. Nifuate ushauri wake?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifuate. Huyo mwenzako amekupa makosa mawili kwa pumzi moja, na yote mawili nimeyasikia mara nyingi hata siyahesabu tena. Nilifanya kazi ya kuelekeza abiria vituoni miaka kadhaa, na asubuhi nyingi mtu wa kwanza kunifuata alikuwa na simu mkononi, kavuta picha ya ramani mpaka herufi zimekuwa ukungu, ananiuliza kwa nini mashine imemwibia.

Mashine haikukuibia. Wewe umepita kweli nje ya zoni ya 1, ila hakuna aliyeiambia. Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa: wanaamini kwamba kwa kuwa ramani inaonyesha njia isiyogusa katikati, basi mfumo wa nauli nao umeiona njia hiyo. Kwenye daladala konda amekuona ukipanda Manzese na amekuona ukishuka Kariakoo, na kama gari lilizunguka anajua lilizunguka wapi. Huku hakuna konda. Kuna mgongo wa kadi yako uliogusa mashine ya njano Walthamstow Central, na mgongo huohuo uliogusa mashine ya njano Clapham Junction. Katikati ni giza. Mfumo unajaza giza hilo kwa njia ambayo abiria wengi wa safari hiyo huipita, nayo ni laini ya Victoria moja kwa moja hadi kituo cha Victoria, kisha treni ya kwenda Clapham Junction. Kituo cha Victoria kiko zoni ya 1. Basi unalipishwa zoni ya 1.

Dawa yake ni mashine ya pinki. Ni mashine ileile ya kugusa kadi, ila sura yake ni ya pinki, na haifungui geti lolote. Imewekwa kwenye vituo kadhaa vya kubadilishia treni kwa ajili ya watu kama wewe. Highbury & Islington ipo. Ukishuka kwenye laini ya Victoria, ukipanda juu kuelekea majukwaa ya treni za Overground, zile unazoziita za chungwa, itafute njiani na uiguse. Haikati pesa wala haimalizi safari. Inaandika tu kwamba ulikuwa pale wakati ule. Ukifika Clapham Junction gusa njano kama kawaida. Sasa mfumo una alama tatu badala ya mbili, unakutoza zoni ya 2 na ya 3 peke yake, na tofauti yake inazidi pauni moja kwa kila safari. Jioni ukirudi fanya vivyo hivyo.

Sharti ni kugusa kwa kitu kilekile mwanzo hadi mwisho. Kadi ya benki ya plastiki na kadi hiyohiyo ikiwa ndani ya simu ni vitu viwili mbele ya mashine. Ukiingia kwa simu ukagusa pinki kwa plastiki, ni kama hukuigusa.

Na kule kutoka nje na kugonga upya? Safari ikikatika kweli, umelipa nauli mbili. Isipokatika, kwa sababu viko vituo ambavyo mfumo huunganisha kutoka na kuingia kwako ukahesabu ni safari moja, umerudi palepale ulipoanza. Sijui ni nani aliyeanza kueneza mbinu hii.

Sasa tuje kwenye picha yako, maana ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko nauli. Umesema rangi ya chungwa. Mwaka 2024, mwezi wa Novemba, treni za Overground zilianza kuonyeshwa kwa majina sita na rangi sita. Ramani yenye mtandao mzima wa Overground kwa chungwa ni ya kabla ya hapo. Na katika safari yako hasa, kuukuu huko si jambo dogo, kwa sababu kutoka Highbury & Islington kuna laini mbili zinazokwenda Clapham Junction, na katika picha yako zote ni chungwa.

Ya kwanza sasa inaitwa Mildmay, ya buluu. Inazunguka upande wa kaskazini na magharibi: Camden Road, Gospel Oak, West Hampstead, Willesden Junction, Shepherd's Bush, ndipo Clapham Junction. Njia yote hiyo haigusi zoni ya 1. Kwa kuwa umetaja Willesden Junction, najua ndiyo unayopanda. Ndiyo hiyo, baki nayo. Kinachokuacha pale si hitilafu: laini inagawanyika Willesden Junction, treni moja inakwenda Richmond na nyingine Clapham Junction. Soma kwenye ubao wa jukwaani jina la mwisho wa safari kabla hujapanda, hutashushwa tena.

Ya pili inaitwa Windrush, nyekundu. Hii inazunguka mashariki: Dalston Junction, Hoxton, Shoreditch High Street, Whitechapel, inavuka mto kwa chini hadi Canada Water na Surrey Quays, kisha inapinda kuelekea Peckham na Clapham. Kwenye ramani ni mstari mmoja mzuri usiokatika. Lakini mstari unaonyesha reli, hauonyeshi treni: treni za Clapham Junction kwa kawaida huanzia Dalston Junction, kwa hiyo ukitoka Highbury utalazimika kubadilisha tena njiani. Na kibaya zaidi, Shoreditch High Street iko zoni ya 1. Kituo kimoja tu kati ya vyote vya upande ule, na treni ikishakipita umepita zoni ya 1, hata kama hukushuka, hata kama ulikuwa umelala. Kwa hiyo mwenzako anayesema chungwa ni chungwa anakutoa kwenye njia isiyo na zoni ya 1 na kukutia kwenye njia iliyo nayo.

Kwa nini hakuliona hilo mwenyewe? Kwa sababu picha imelila. Kwenye ramani ya ukutani zoni hutenganishwa kwa rangi ya nyuma tu: nyeupe, kijivu hafifu, nyeupe, kijivu hafifu, na namba ndogo pembeni. Kijivu hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea. Ramani iko nyuma ya kioo, taa ya kituo inameremeta juu yake, simu inaongeza mwanga, na kijivu kinakuwa cheupe. Ukitumiwa picha hiyo kwa WhatsApp inabanwa zaidi. Unabaki na mistari ya rangi inayoelea kwenye weupe mtupu, kisha unataka kusomea nauli hapo.

Mistari nayo inaumia. Laini za chini ya ardhi zimechorwa kwa rangi iliyojaa. Laini za Overground zimechorwa kwa michirizi miwili myembamba yenye weupe katikati. Picha ikififia, weupe ule unaziba. Hapo Windrush nyekundu inafanana na Central, na ile ya kijani iitwayo Suffragette inafanana na District. Nimemkuta kijana Stratford akitafuta treni ya Windrush kwenye jukwaa la Central. Alikuwa na uhakika, na rangi kweli ilikuwa ileile.

Ukitaka kuipima picha yako, vuta mpaka uione Shoreditch High Street. Kama huoni mpaka kati ya nyeupe na kijivu karibu na kituo hicho, picha hiyo haifai kwa habari ya nauli. Kama huoni weupe kati ya michirizi miwili, haifai hata kwa laini. Ukiamua kupiga yako, simama uso kwa uso na ramani, zima mwako wa kamera, piga vipande vinne badala ya kimoja, na kimoja kiwe cha maelezo ya alama.

Maelezo hayo ya alama watu huyakata ili picha itoshe kwenye kioo cha simu, na hapo ndipo vituo vya kubadilishia vinapoharibika. Kituo cha kawaida ni kijino kidogo pembeni ya mstari. Cha kubadilishia ni duara jeupe lenye ukingo mweusi. Lakini pia kuna duara lenye kiti cha magurudumu, linalomaanisha kituo hakina ngazi za kukuzuia. Duara hilo hukaa hata kwenye kituo chenye laini moja tu. Kwenye picha yenye ukungu kiti hakionekani, linabaki duara. Mama mmoja alielekezwa na kundi la majirani kwamba abadilishe treni kwenye kituo cha namna hiyo. Walimchorea na mshale mwekundu juu ya picha. Alishuka na masanduku mawili, akazunguka jukwaa zima akitafuta laini ya pili ambayo haijawahi kuwepo.

Mishale hiyo myekundu ndiyo siipendi. Mtu anachukua picha ya zamani, anachora njia yake mwenyewe ya mwaka ule, anaituma, na kila anayeipokea anaituma tena kama vile ni tiketi. Hakuna anayeuliza ilipigwa lini. Wapo hata wanaochukua pesa kwa wageni waliotoka Heathrow jana, kuwachorea. Wageni hao ndio huniuliza kwa nini Covent Garden na Leicester Square zinahitaji treni, wakati kwa miguu ni mwendo wa dakika chache tu. Ramani ile, tangu mchoro wa Harry Beck ulipochapishwa mwaka 1933, haikukusudiwa kuonyesha umbali. Inaonyesha nini kimeungana na nini, basi.

Kwa hiyo kesho asubuhi: Victoria hadi Highbury & Islington, gusa pinki, Mildmay ya Clapham Junction. Keshokutwa fungua orodha ya safari zako kwenye akaunti yako ya usafiri uangalie umetozwa nini. Ikiwa bado ni zoni ya 1, niandikie tena, na uniambie uligusa pinki kwa kadi ipi. Pesa za miezi iliyopita usizitarajie, mfumo ulikadiria kwa alama ulizouachia. Na picha ile ifute, usimtumie mwingine.