Wali na mchuzi wa nyama wa watu 300

"Tuna khitma ya watu 300, tunapika kwa kuni. Tununue mchele na nyama kiasi gani, na wali usitoke bokoboko?"

Hesabu gramu 150 za mchele kwa kila mtu, yaani kilo 45. Nyama yenye mifupa nayo kilo 45. Ibandikeni mapema, maana ya ng'ombe huweza kuchukua saa 2 au zaidi kulainika.

Mchele ugawe masufuria matatu ya lita 60. Ukiurundika kwenye sufuria moja, wa chini hupondeka kwa uzito huku wa juu ukibaki na kiini.

Bokoboko mara nyingi hutokana na kipimo cha nyumbani cha lita 2 za maji kwa kilo ya mchele. Sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo, hivyo anza na lita 1.5, na maji ya moto yawe pembeni ya kuongeza. Maji ya sufuriani yachemke kwanza na chumvi na mafuta, ndipo umimine mchele, ugeuze kutoka chini. Maji yakikaukia usawa wa mchele, ondoa kuni, palia makaa juu ya mfuniko kwa nusu saa. Ukisikia harufu ya kuungua, usikoroge kabisa: hamisha wali wa juu haraka.