Kuchora majibu ya dy/dx = x − y kwa isoklaini, na pale nilipokuwa naharibu

*"Wakuu habari, niko mwaka wa kwanza, tumepewa dy/dx = x − y tuchore mikunjo ya majibu kwa mkono kwa kutumia isoklaini, hairuhusiwi kuintegreti. Mistari nimeshachora, ni mistari mirefu tu imelala sambamba, sasa jibu lenyewe linapita wapi? Rafiki yangu anasema isoklaini ndiyo jibu, mi naona haiingii akilini. Tuanzie (0,1) mfano."*

Mdogo wangu akili yako iko sawa, rafiki yako ndo kapotea, na usimcheke maana mimi mwenyewe nilipotea hapohapo. Zoezi la kwanza kabisa la hii mada nilichora mistari mitano safi kwa rula nikaikoleza kwa peni nikaandika "majibu", likarudi na wino mwekundu kila kona. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mstari mmoja kati ya ile mitano ulikuwa jibu kweli, na sikujua ni upi wala kwa nini. Ntaufikia.

Isoklaini ni mahali ambapo slopu ina namba moja tu. Kwa hii yako unaweka x − y = c, yaani y = x − c, kwa hiyo ukichagua c = 0 unapata mstari y = x, na kokote jibu litakapoukata huo mstari lazima liwe limelala flati. Ukichagua c = −1 unapata y = x + 1, hapo jibu linashuka kwa slopu −1, c = 2 ni y = x − 2, hapo linapanda kwa slopu 2. Mstari wenyewe chora kwa penseli hafifu, halafu juu yake weka vistari vifupi vyenye slopu c. Angalia vizuri hapa: mstari y = x wenyewe umeinama digrii 45 ila vistari vyake viko flati. Mstari una mwelekeo wake na vistari vina wa kwao, na jibu linafuata vistari. Ukishaona hivyo huwezi tena kuchanganya.

Kabla sijasahau, skeli. Sentimita mbili kwa yuniti moja kwenye x na pia sentimita mbili kwenye y, usibane mhimili mmoja eti karatasi haitoshi, maana ukibana slopu 1 haiwi tena digrii 45 na jicho lako litakudanganya mchoro mzima, utakuwa unakadiria vistari vibaya bila kujua.

Haya twende (0,1). Slopu pale ni 0 − 1 = −1, uko kwenye mstari y = x + 1 na unashuka. Mstari unaofuata mbele yako ni y = x ambapo slopu ni 0. Katikati ya −1 na 0 wastani ni −0.5, basi toka (0,1) vuta kwa slopu −0.5 mpaka uguse y = x. Ukipiga hesabu, 1 − 0.5x = x, unapata x = 0.667 na y pia 0.667. Hapo ndo chini kabisa ya mkunjo, kuanzia hapo unapanda. (Jibu halisi la kuintegreti ni y = x − 1 + 2e^(−x), na chini yake kabisa ni x = 0.693, kwa hiyo rula na wastani vimekuangusha kwa chini ya 0.03. Kwenye karatasi yako ni nusu milimita, hakuna wa kukuona.)

Endelea. Toka pale mpaka isoklaini ya c = 0.5 ambayo ni y = x − 0.5, wastani wa slopu ni 0.25, unatua (1.333, 0.833). Sasa kinachofuata kichwani kwako ni c = 1, y = x − 1, na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Ukitumia wastani 0.75 utatua kwenye ule mstari pale x = 3.333, mkunjo wako utaugusa, pengine utaukata na kuendelea chini yake. Haiwezekani kabisa, na sababu ni hii: kwenye y = x − 1 vistari vina slopu 1, na mstari wenyewe pia una slopu 1. Vistari vimelala juu ya mstari wao. Huo ndo ule mmoja niliokwambia, isoklaini ambayo ni jibu kweli, na majibu mawili ya hii ikwesheni hayakutani hata siku moja. Ya kwako imetokea juu ya ule mstari, itabaki juu yake milele.

Kwa hiyo usirukie c = 1, weka isoklaini ya katikati, c = 0.75. Toka (1.333, 0.833) kwa wastani wa 0.625 unatua (2, 1.25). Thamani halisi pale x = 2 ni 1.271, bado tuko vizuri. Sasa pima ulivyokuwa juu ya mstari y = x − 1 kila hatua: ulianza na 2, ukaja 1, ukaja 0.5, ukaja 0.25, na kila nusu imekugharimu 0.667 ileile ya x. Nilipoliona hili kwa mara ya kwanza niliacha kuchora nikabaki naangalia karatasi, maana ile e^(−x) ambayo hujaruhusiwa kuitafuta imejitokeza yenyewe kwa rula. Pengo linapungua nusu kwa nusu na haliishi, ndo maana mkunjo unaukaribia mstari bila kuugusa.

Upande wa chini ni rahisi zaidi. Anzia (0,−2): slopu ni 2, unapanda kwa kasi, kasi inapungua kuelekea 1, unakaribia mstari uleule kwa kutokea chini. Huku hakuna mahali pa kulala flati kwa sababu y = x iko ng'ambo ya mstari usiovukika, kwa hiyo ukiona umechora mkunjo wa chini wenye bonde, futa. Na kama unataka uhakika wa upinde, derivativu ya pili ni y'' = 1 − y' = 1 − x + y. Juu ya y = x − 1 ni chanya, mkunjo unakaa kama bakuli, chini yake ni hasi, unakaa kama bakuli lililofunikwa. Mkunjo unaobadilisha upinde katikati ya safari kwenye hii ikwesheni umekosewa, hata kama unapendeza.

Chora mitatu juu na mitatu chini, inatosha, ukijaza sana hata msahihishaji haoni kitu.

Ila jua pia hii yako ni ya mazoezi, inaintegretika kirahisi. Njia yenyewe inakuja kuwa na kazi ukikutana na kitu kama dy/dx = y² − x, hiyo haina jibu la kuandika kwa fomula zetu za kawaida, na isoklaini zake ni parabola x = y² − c. Pale hakuna isoklaini hata moja ambayo ni jibu, kwa hiyo usiende kuutafuta ule mstari wa bahati. Chora c = 0 na c = −1, angalia mikono yao ya chini: ukishapita x = 1.25 vistari vya parabola zote mbili vinaelekeza ndani, kwa hiyo mkunjo ukishaingia katikati yao hautoki, unashuka nao taratibu ukiifuata y = −√x. Mikono ya juu ni kinyume, ila huko tumia c = 0 na c = 1: kati ya mikono hiyo ya juu vistari vinatoa nje, na mikunjo miwili iliyoanza karibu inaachana, mmoja unaporomoka kule chini na mwingine unapaa. Pale juu penseli haiaminiki, ukikosea milimita moja umehamia mkunjo mwingine, kwa hiyo anzia kulia urudi kushoto, ukirudi nyuma inakusanyika badala ya kuachana na makosa yako yanajifuta.