Kukaba mtu au kukaba eneo: watembeze kwanza, mbio baadaye

Tangu mabinti zangu wachukue ubingwa wa wilaya kwenye UMISSETA, simu yangu haipumziki. Pongezi nashukuru, ila ujumbe ulionikalisha chini ni wa mwalimu mwenzangu wa netiboli: "Madam, nikiwaambia wakabe eneo wanasimama tu kama wanasubiri daladala. Nikisema mtu kwa mtu, robo ya pili wote wako hoi. Nifanyeje?"

Mwalimu, nianzie kwenye fainali yenyewe. Wenzetu walikuwa na mfungaji mrefu, GS, ambaye mpira ukimfika juu ni goli. Kila mtu pembeni alinishauri nimwekee walinzi wawili. Mimi niliamua mpira usimfikie kabisa. Sheria inatusaidia hapo: pasi hairuhusiwi kuvuka theluthi nzima ya uwanja bila kuguswa. Kwa hiyo mpira ukianzia nyuma kwao, lazima mtu wao audake au auguse theluthi ya kati. Huko ndiko tulikokaba eneo: vesti za GA na WA mbele, C katikati, WD na GD nyuma. GK alibaki na GS wake.

Haya hayafundishwi kwa kupiga kelele. Nilichora theluthi ya kati chini, nikawapanga watano kwenye alama zao, kisha nikaleta washambuliaji waliopasiana polepole huku kila mtu akitembea. Mpira ukienda kushoto, wote watano wanasogea kushoto hatua mbili tatu, na aliye upande wa mbali anaingia katikati badala ya kubaki kwenye mstari. Wanasogea mpira ukiwa hewani. Wakingoja udakwe, wamechelewa.

Kila baada ya pasi nasema "Ganda!" Hapo nachukua kamba, naivuta kutoka kwa mwenye mpira hadi kwa kila mwenzake. Kama hakuna mlinzi anayeweza kuigusa kamba kwa hatua moja na mkono, hapo pana tundu, na wao wenyewe wanaliona. Kocha mmoja wa shule jirani alinikuta na kamba yangu akauliza kama nafundisha netiboli au jiografia. Sijasahau, na siku ya fainali alikuwepo.

Wakishaielewa kamba, wape mchezo mdogo kwenye nusu ya theluthi. Kwanza watatu kwa watatu, kila mmoja na mtu wake, na washambuliaji wanatakiwa wafikishe mpira kwenye mstari wa mbele. Mlinzi asimame mahali ambapo anamwona mtu wake na mpira kwa pamoja. Ukiona binti anatazama mpira tu huku mtu wake amepita mgongoni, simamisha. Kisha ongeza mshambuliaji mmoja, wawe wanne kwa watatu. Usiwaeleze lolote. Kumkaba kila mtu haiwezekani tena, basi utawaona wanaanza kugawana nafasi na kuitana. Kunyang'anya mpira nawapa pointi mbili, na kumbana mwenye mpira hadi sekunde tatu ziishe, pointi moja. Bila hiyo pointi moja, wote watarukia pasi na kuacha mashimo.

Kosa litakalokutesa ni mazoea. Aliyezoea kukaba mtu atamfuata WA wake hadi pembeni, na ghafla una vesti mbili mahali pamoja na katikati patupu. Lingine ni la walinzi wa mbele, wanaomsogelea mwenye mpira chini ya sentimita 90 kutoka mguu wake uliotua. Filimbi ikilia kwa kuzuia, mkosaji anasimama kando ya mpigaji bila kushiriki mpaka mpira utoke mkononi. Kwenye mtu kwa mtu umepoteza mmoja. Kwenye eneo, ukuta wote umebomoka. Kwa hiyo wafundishe kurudi nyuma hatua moja kabla ya kuinua mikono, na ukawe mkali kwa hilo, maana huruma yako mazoezini ndiyo goli la wenzako.

Eneo lina mwisho wake. Timu yenye pasi za haraka italizungusha hadi lipasuke, na mpira ukishaingia theluthi yetu ya nyuma sitaki kuona mtu anagawana nafasi. Anayeuona ukivuka anapaza sauti "Mtu!" na kila mmoja anaenda kwa wake: GD kwa GA, WD kwa WA, C kwa C. Hilo neno nalo tulilifanyia mazoezi kwa kutembea kwanza, tena mara nyingi, kwa sababu pale kwenye mstari ndipo wanapochanganyikiwa.

Mabinti wako wanaochoka robo ya pili, waanzishie eneo pale tu mpira unapoanzia nyuma kwa wapinzani. Kwingine wabaki mtu kwa mtu. Na kama uwanja wenu ni wa vumbi, chora kwa majivu. Chokaa ikipata upepo inawasha macho, na mlinzi anayefikicha macho hakabi chochote.