Barua pepe ya pongezi isiyo ya "asanteni wote"

"Timu yangu ya watu saba imemaliza kuhamisha stoo kutoka Kariakoo kwenda Mbagala bila hasara. Niandike nini zaidi ya asanteni kwa kujituma?"

Ndugu yangu, kabla ya kuandika, chukua karatasi na uandike majina yote saba. Mbele ya kila jina jibu swali moja: asingekuwepo, nini kingeharibika? Ukikwama kwa mtu, usimtungie sifa. Muulize aliyefanya naye kazi, maana mara nyingi anayesahaulika ni dereva au mtunza stoo, siyo mvivu.

Kisha kila mtu mpe sentensi yenye kitendo na matokeo yake. Badala ya "Fulani alijituma sana", andika: "Fulani aliona kadi za stoo na maboksi havilingani, akahesabu upya usiku ule kabla lori halijaondoka. Ndiyo maana Mbagala tulifungua Jumatatu bila kutafuta mzigo." Hapo hata bosi ambaye hakuwepo anaelewa kilichofanyika.

Angalia mtego mmoja: ukiandika "alirekebisha makosa ya uhasibu", umemsifu mmoja na kumchoma mwingine mbele ya wote. Sema alichofanya, acha nani alikosea. (Mimi niliwahi kuteleza hapo, mtu alininunia mwezi mzima.)

Bosi mwekee nakala, na uitume ndani ya siku mbili. Mambo ya kurekebisha yasubiri kikao, yasiingie kwenye barua hii.