Sekunde 20 zilizorudishwa: kuandaa video ya ajali kwa ajili ya bima

Video ya kwanza niliyowapelekea watu wa bima ilikuwa ya sekunde 20. Niliikata kwenye simu usiku uleule wa ajali, nikaanzia pale gari la mwenzangu lilipokuwa limeshaingia kwenye njia yangu, nikamalizia kwenye kishindo. Niliitazama mara tano na kila mara nikajiona sina kosa hata chembe. Kesho yake nikaituma kwa ujumbe wa simu, nikakaa kusubiri simu ya kuambiwa njoo uchukue hela.

Simu ilikuja kweli, lakini haikuwa ya hela. Afisa wa madai aliniuliza kwa upole, "Kaka, sekunde kumi za kabla ya hapa ziko wapi?" Halafu akaniuliza kwa nini pembeni ya picha pameandikwa 18:49 na mimi kwenye fomu nimejaza saa 11:42 jioni. Akamalizia kwamba namba ya gari la pili haisomeki. Maswali matatu, na yote matatu nilikuwa nimejisababishia mwenyewe, kwa sababu kwenye kadi ya kamera majibu yalikuwepo.

Nianze na kadi, maana hiyo haisubiri. Kamera ya gari hurekodi vipande vya dakika moja, tatu au tano, na kadi ikijaa inafuta vya zamani na kuandika vipya juu yake. Kadi ndogo hujaa baada ya saa chache tu za kuendesha. Kamera nyingi zina kihisi cha mtikisiko ambacho ukigongwa hulifunga faili la wakati ule na kuliweka kwenye folda yake, mara nyingi inaitwa EVENT. Watu wengi huishia kuamini hapo. Tatizo ni kwamba linalofungwa mara nyingi ni lile faili moja la mgongano. La kabla yake, linaloonyesha ulikuwa unaendeshaje, na la baada yake, linaloonyesha magari yalivyosimama, yanaweza kubaki bila ulinzi na kufutwa ukiwa njiani kurudi nyumbani. Kwa hiyo ukishahakikisha watu wako salama, zima kamera, subiri taa yake izime, toa kadi, tia mfukoni. Usiichomoe kadi wakati kamera bado inaandika, faili la mwisho linaweza kuharibika na likakataa kufunguka.

Saa ya kamera nayo ilinifundisha adabu. Nilipogundua kwamba iko mbele, kitu cha kwanza kilichonijia ni kuirekebisha, na nashukuru rafiki yangu fundi alinizuia. Ukiirekebisha saa kabla ya kupima imekosea kwa kiasi gani, umepoteza kipimo. Badala yake tuliwasha kamera ikiwa na kadi nyingine tupu, tukaweka kando yake simu inayopata saa yake kutoka mtandaoni, na kwa simu ya pili tukapiga video fupi ya vioo vyote viwili, sekunde zikionekana zinatembea. Kamera ilisoma 20:15:40 wakati simu inasoma 19:08:28. Kamera iko mbele kwa saa 1, dakika 7 na sekunde 12. Kwenye video kishindo kinasikika saa ya kamera ikiwa 18:49:37. Toa tofauti ile, unapata 17:42:25. Na orodha ya simu nilizopiga ilionyesha kwamba nilipiga simu ya kwanza ya kuomba msaada saa 17:44. Hesabu ikakaa.

Kipimo hicho kifanye siku ileile au kesho yake. Saa hizi ndogo hupotea kidogo kidogo kila siku, na ukipima baada ya mwezi tofauti haitakuwa ile ya siku ya ajali. Halafu kuna hili letu sisi tunaohesabu saa kuanzia asubuhi: kwenye fomu mimi niliandika 11:42 jioni, na fomu ilipoingizwa kwenye kompyuta neno "jioni" likaanguka. Ikasomeka kama saa tano na dakika 42 mchana. Siku hizi kwenye karatasi yoyote ya bima naandika 17:42, kama saa ya video inavyoandika.

Sasa nakala. Nilinakili folda nzima ya kadi kwenye kompyuta, siyo faili moja, na majina nikayaacha vilevile. Jina kama 20240611_184752.MP4 linabeba tarehe na saa ambayo kamera ilianza kulirekodi, hivyo ukiliita "ajali yangu mpya" umefuta ushahidi kwa mkono wako. Kadi yenyewe nikaiweka kwenye bahasha na sijaitumia tena mpaka dai lilipofungwa. Ukichungulia sifa za faili kwenye Windows utakuta tarehe ya kuundwa ni ya leo, na tarehe ya kurekebishwa ni ya siku ya ajali. Hiyo ni kawaida ya kunakili, lakini ni vizuri uijue kabla hujaulizwa.

Kisha nikachukua alama ya faili. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na kila kitu kilichomo ndani, na ikibadilika hata chembe moja mfuatano wote unakuwa mwingine. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili na kuandika:

```
certutil -hashfile 20240611_184752.MP4 SHA256
```

Kwenye Mac ni `shasum -a 256` ikifuatiwa na jina la faili. Alama ile niliinakili kwenye barua pepe nikajitumia mwenyewe siku ileile, ili iwe na tarehe. Tusiipe kazi isiyo yake: alama haithibitishi kwamba kamera ilirekodi ukweli, na haisemi kilichotokea kabla hujaikokotoa. Inathibitisha kwamba faili ulilompa afisa leo ndilo lilelile ulilokuwa nalo siku ile. Ndiyo maana inafaa kuichukua mapema.

Hapo tu ndipo unakata, na unakata nakala ya nakala. Kosa la programu nyingi za kuhariri kwenye simu ni kwamba zinaisimba video upya, yaani zinaibana na kuiandika tena. Picha inapoteza ukali, mara nyingine kasi ya fremu inabadilika, na tarehe iliyofichwa ndani ya faili inakuwa ya siku uliyohariri. Ukichukua kipande hicho ukakituma kama video kwenye ujumbe, kinabanwa tena. Namba ya gari iliyosomeka vizuri kwenye kadi inakuwa ukungu mweupe, na ndivyo yangu ilivyokuwa.

Faili langu lilikuwa la dakika 3, na kishindo kiko kwenye dakika 1 na sekunde 45. Safari hii nilianza sekunde 45 kabla ya kishindo na kuendelea dakika nzima baada yake. Sekunde za mwanzo zinaonyesha mwendo, umbali na njia niliyokuwemo. Dakika ya mwisho inaonyesha gari la pili likisogea mbele yangu na namba yake ikisomeka. Nilitumia ffmpeg, programu ya bure:

```
ffmpeg -ss 00:01:00 -i nakala.MP4 -t 105 -map_metadata 0 -c copy kipande.MP4
```

Sehemu ya `-c copy` ndiyo roho ya amri hii. Inaambia programu ichukue picha na sauti kama zilivyo, isisimbe upya. Gharama yake ni kwamba haiwezi kukata popote, kwa sababu video hujengwa kwa fremu kamili chache na baina yake kuna fremu zinazoeleza mabadiliko tu. Mkato lazima uanzie kwenye fremu kamili, kwa hiyo kipande kinaweza kuanza sekunde moja au mbili kabla ya pale ulipotaka. Kikianza mapema hakuna neno. Anayetaka sekunde kamili ataitafuta kwenye faili la asili. Nayo `-map_metadata 0` inahifadhi tarehe ya ndani, lakini kumbuka kwamba ni tarehe ya kuanza kwa faili zima, wala siyo ya kipande. Pia taarifa za mwendo na mahali ambazo kamera yenye GPS huzificha ndani ya faili mara nyingi hazivuki kuja kwenye kipande. Ndiyo sababu nyingine ya kupeleka vyote viwili.

Nilikata urefu tu. Pembe za picha sikuzigusa, kwa kuwa saa imeandikwa kwenye pembe. Mwanga sikuongeza, mshale mwekundu sikuchora. Nilipotaka kuonyesha namba ya gari nilitoa picha moja ya mnato na kuandika imetoka sekunde ya ngapi.

Sauti ndiyo iliyonipa jaribu. Sekunde 25 kabla ya kishindo mke wangu anasikika akisema, "Baba, taratibu basi." Nilikaa na faili lile robo saa nzima nikitafakari kuinyamazisha. Sikuinyamazisha, na si kwa sababu ya utakatifu. Faili la asili lingekwenda pamoja na kipande, na afisa angesikia kwenye moja kile ambacho hakipo kwenye lingine. Kuanzia hapo asingejadili tena ajali, angejadili mimi. Na kwa kweli baada ya maneno yale video inaonyesha napunguza mwendo, hivyo sauti ile ilinisaidia kuliko kuniumiza.

Kama video ni ya simu, mambo ni yaleyale ila hatari iko kwenye kitufe cha kuhifadhi. Ukipunguza video kwenye simu, chagua kuhifadhi kama klipu mpya, maana kitufe kingine kinaweza kuandika juu ya ile ya asili. Shahidi akikurekodia, mwombe akupe faili lenyewe kwa waya, au alitume kama hati na siyo kama video. Usishtuke pia ukikuta tarehe ya ndani ya video ya simu imepishana na saa ya ukutani kwa saa kamili kadhaa. Kwa kawaida simu huiandika kwa saa ya dunia, UTC, na wewe unaongeza au kupunguza kulingana na ulipo.

Mara ya pili nilipeleka faili la asili, faili la kabla yake na la baada yake, kipande, video ya vioo viwili vya saa, na ukurasa mmoja wa maelezo. Sehemu ya maelezo ilisomeka hivi: "Kipande kimekatwa kutoka 20240611_184752.MP4, kuanzia takriban 01:00 hadi 02:45, bila kusimbwa upya na bila kuondoa sauti. Saa ya kamera ilikuwa mbele kwa 1:07:12, kama inavyoonekana kwenye video ya vipimo. Mgongano: 18:49:37 kwa saa ya kamera, sawa na 17:42:25 kwa saa halisi. Faili la asili halijabadilishwa, alama yake ya SHA256 imeandikwa hapa chini."

Afisa yuleyule alinipigia tena. Alikuwa na swali moja tu, kama bado ninayo ile kadi. Nikamwambia iko kwenye bahasha.